Rasimu za ujumbe kwenye orodha ya chati: namna ya kuzihifadhi, na kwa nini nyingine hupotea

"Nimeandika ujumbe mrefu, nikatoka kidogo, niliporudi haupo." "Mbona chati ya zamani imepanda juu na hakuna aliyeniandikia?" "Je, mwenzangu ameona nilichokiandika kabla sijatuma?" Maswali haya matatu hayaishi, na wanaoyauliza wengi wao ndio kwanza wameliona neno Draft kwenye orodha yao ya chati. Mwongozo huu unayajibu kwa kukupa kwanza jaribio fupi la kufanya kwenye simu yako mwenyewe, kisha utaratibu wa kuandika ujumbe mrefu bila kuupoteza, na mwishoni namna ya kuisaka rasimu isiyoonekana.

Tutafuata zaidi WhatsApp kwenye simu. Telegram itaingia pale inapofanya kazi kwa njia tofauti, kwa sababu wanaotumia zote mbili huchanganya tabia zake na wakaharibikiwa.

## Mambo machache ya kujua kwanza

Rasimu ni maandishi yaliyobaki kwenye kisanduku cha kuandikia cha chati fulani bila kutumwa. Si ujumbe bado. Haina tiki, haina saa ya kutumwa, na mwenzako haioni. Anachoweza kuona ni kwamba unaandika, tena kwa muda ule tu ambao vidole vyako vinagusa kibodi. Ukiacha, dalili hiyo inatoweka na hajui uliandika nini.

WhatsApp ilianza kuweka alama ya rasimu kwenye orodha ya chati Novemba 2024. Neno Draft huandikwa kwa kijani mahali ambapo kwa kawaida husoma ujumbe wa mwisho, na chati yenyewe hupanda juu ya orodha. Hiyo ndiyo sababu chati iliyolala miezi mitatu inaweza kuibuka ghafla: uliigusa, ukaandika herufi mbili tatu, ukatoka. Kwenye Telegram neno hilo ni jekundu.

Tofauti kubwa kati ya programu hizi mbili ni mahali rasimu inapokaa. Ya WhatsApp hukaa ndani ya kifaa ulichoandikia, basi. Ya Telegram, tangu mwaka 2016, hupelekwa pia kwenye seva na kutokea kwenye vifaa vyako vyote ulivyoingia kwa akaunti ile ile. Malalamiko mengi ya rasimu kupotea yanaanzia hapa.

Na jambo la mwisho, ambalo ndilo zito kuliko yote: kila chati ina nafasi ya rasimu moja tu, na usiitegemee kama imehifadhiwa mpaka utoke kwenye chati na kuiona alama. Unapoandika, maneno yako yako kwenye skrini. Unapotoka kwenye chati au kuhamia programu nyingine, ndipo programu hupata nafasi ya kuyaweka mahali salama. Simu ikizimika ghafla katikati ya sentensi, huenda nafasi hiyo isipatikane.

## Uwe na nini kabla ya kuanza

- Programu ya chati iliyosasishwa. Toleo la kabla ya Novemba 2024 la WhatsApp halitakuonyesha alama tunayoizungumzia.
- Chati ya kujiandikia mwenyewe. Kwenye WhatsApp gusa kitufe cha kuanzisha chati mpya, kisha tafuta jina lako lenye maneno Message yourself. Kwenye Telegram inaitwa Saved Messages. Tutaitumia kwa majaribio, ili usije ukatuma upuuzi kwa mtu kwa bahati mbaya.
- Programu yoyote ya madokezo iliyokuja na simu yako.
- Nafasi kwenye hifadhi ya simu. Kama simu inakuonya kwamba imejaa, futa video chache kwanza. Programu ikikosa nafasi ya kuandika kwenye hifadhi, rasimu ni miongoni mwa vitu vinavyoweza kushindwa kubaki.
- Kompyuta, kama una mazoea ya kuandikia chati huko pia.

## Sehemu ya kwanza: jaribu kwenye simu yako

Jaribio hili linachukua kama dakika tano. Lifanye lote, kwa mpangilio huu, hata kama unadhani unajua matokeo.

1. Fungua chati yako ya kujiandikia. Andika maneno unayoweza kuyatambua, kwa mfano "jaribio la kwanza". Usitume.

2. Rudi kwenye orodha ya chati. Kwenye simu nyingi za Android, kibodi ikiwa wazi, mguso wa kwanza wa kurudi nyuma hufunga kibodi tu. Bado uko ndani ya chati. Rudi mara ya pili ndipo utatoka. Hapa ndipo wengi hujidanganya: kibodi imeshuka, wanaamini wametoka, wanaifunga simu.

3. Angalia orodha. Chati hiyo inapaswa kuwa juu, ikiwa na neno Draft na mwanzo wa maneno yako. Kama kuna chati ulizozipachika juu kwa Pin, angalia chini yake.

4. Ifungue tena. Maneno yawepo kwenye kisanduku, neno kwa neno.

5. Sasa nenda kwenye skrini ya mwanzo ya simu, fungua orodha ya programu zilizofunguliwa, na uitelezeshe WhatsApp itoke. Ifungue upya. Alama inapaswa kuwepo bado, kwa sababu rasimu ilikwisha kuhifadhiwa ulipotoka kwenye hatua ya 2.

6. Zima simu na kuiwasha. Angalia tena. Kama alama ilikuwepo baada ya hatua ya 5 na hapa haipo, shuku hifadhi iliyojaa kabla hujashuku kitu kingine.

7. Fungua chati hiyo hiyo kwenye kompyuta kupitia WhatsApp Web. Kisanduku kitakuwa kitupu. Hakuna hitilafu: rasimu ya simu haihamii kwenye kifaa kilichounganishwa, na ya kompyuta haiji kwenye simu. Ukirudia hatua hii kwa Telegram, maneno yatatokea kwenye kompyuta mradi vifaa vyote viwili viko kwenye intaneti.

8. Rudi kwenye simu, futa maneno yote kwenye kisanduku, toka. Alama inaondoka. Hii ndiyo njia sahihi ya kuondoa rasimu usiyoitaka. Usiifute chati nzima kwa ajili ya alama tu. Utaondoka na ujumbe wote uliomo.

Usijaribu kuiga ajali yenyewe kwa kuchomoa betri au kuizima simu kwa nguvu katikati ya kuandika. Matokeo yake hayatabiriki, na hayakufundishi kitu ambacho hujakijua sasa.

## Sehemu ya pili: kuandika ujumbe mrefu bila kuupoteza

Kwa ujumbe wa sentensi mbili, rasimu yenyewe inatosha. Utaratibu unaofuata ni wa maandishi ambayo yangekuuma kuyaandika upya: orodha ya majina, taarifa ya kikao, maelezo ya kazi, barua ya kuomba radhi uliyoipima kila neno.

1. Kama ujumbe utazidi skrini moja, uandike kwenye programu ya madokezo. Programu hizo nyingi huhifadhi kadiri unavyoandika, na nyingi zina kitufe cha kutengua. Kisanduku cha chati hakikuundwa kwa kazi hiyo.

2. Kama umeamua kuandikia kwenye chati, toka hadi kwenye orodha kila baada ya aya moja, uone alama, kisha rudi. Sekunde tatu. Aya moja ndiyo hasara kubwa utakayopata simu ikizima.

3. Kabla ya kwenda kutafuta kitu kwenye programu nyingine, iwe picha, namba au ramani, toka kwanza kwenye chati. Simu yenye kumbukumbu ndogo hufunga programu zilizo nyuma ili kuipa nafasi iliyo mbele, na kamera ni mojawapo ya zinazodai nafasi kubwa. Programu iliyokwisha kuhifadhi rasimu yake haipotezi kitu ikifungwa.

4. Mtu akiuliza jambo la haraka kwenye chati ile ile, usifute ulichoandika ili upate nafasi ya kumjibu. Chagua yote, kata, nenda kwenye chati yako ya kujiandikia, bandika, na utume. Ukishatuma ni ujumbe, si rasimu tena, na utaupata hata kwenye kompyuta. Kisha rudi umjibu.

5. Usiweke maneno muhimu kwenye sehemu ya maelezo chini ya picha kabla hujatuma. Maandishi hayo ni ya ukurasa wa kutayarisha picha. Ukirudi nyuma usitarajie kuyakuta. Andika kwanza kwenye madokezo, kisha ubandike ukiwa tayari kutuma.

6. Tahadhari hiyo hiyo ni ya kuhariri ujumbe uliokwisha kutumwa. WhatsApp inaruhusu kuhariri ndani ya dakika 15 tangu kutuma. Ukianza kuhariri kisha ukatoka, marekebisho yako si rasimu ya kutegemea. Yamalize kwa mkupuo mmoja, au yatayarishe pembeni.

7. Jibu unaloandikia kwenye arifa, bila kufungua programu, nalo lisiwe refu. Kijisanduku kile ni cha arifa, si cha chati. Arifa ikiondoka na maneno yanaweza kuondoka, na kwenye orodha ya chati hutaona alama yoyote.

8. Kabla ya kutuma, soma mwanzo na mwisho wa kisanduku. Rasimu ya zamani ikiwa ndani, maneno mapya huungana nayo, na kinachotoka ni ujumbe wenye vichwa viwili.

## Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Tuchukue katibu wa kundi la watu 32 anayeandaa orodha ya watakaosafiri. Anaandika majina kwenye kisanduku cha kundi lenyewe, kwa simu ya Android yenye kibodi ya Gboard. Amefika jina la 20.

Mwanakikundi anauliza saa ya kuondoka. Katibu anachagua orodha yote, anaikata, anajibu "saa kumi na mbili asubuhi", anatuma. Mpaka hapa orodha iko sehemu moja tu: kwenye ubao wa kunakilia wa simu. Kabla hajaibandika, anakwenda kunakili namba ya dereva. Namba inachukua nafasi ya orodha. Anarudi kwenye kundi, anabandika, na kinachotoka ni namba ya simu.

Je, orodha imekufa? Inategemea jambo moja. Gboard ina historia ya vitu vilivyonakiliwa, kama iliwashwa mapema. Anagusa alama ya ubao wa kunakilia juu ya kibodi, na kama historia imewashwa, anaikuta orodha chini ya namba ya dereva. Gboard huweka vitu hivyo kwa saa moja, kisha huvifuta, isipokuwa vile alivyovibana kwa kuvishikilia na kuchagua Pin. Akiwahi ndani ya saa hiyo, anaokoa majina yote 20. Asipokuwa ameiwasha, kuiwasha sasa hakurudishi kilichopita. Kwa hiyo iwashe leo, lakini ujue na gharama yake: kila unachonakili, hata nenosiri, kitakaa humo kwa muda.

Tuseme ameipata. Anaibandika kwenye kisanduku cha kundi, anatoka, anaona Draft. Jioni anaketi kwenye kompyuta ili amalizie kwa raha. Anafungua kundi na kisanduku ni kitupu. Anadhani imepotea mara ya pili, anaandika upya majina yote 32 na kutuma kutoka kwenye kompyuta.

Sasa angalia hatari iliyobaki. Simu yake haijui kwamba kazi imekwisha. Rasimu ya majina 20 bado imekaa kwenye kisanduku cha kundi, na kesho yake anafungua simu, anaona Draft ya kijani, anadhani jana hakutuma, anatuma. Watu 12 wanaona majina yao hayapo na simu zinaanza kulia. Hakuna kilichopotea, kilichotokea ni rasimu ya zamani kuishi kuliko ilivyopaswa. Ukimalizia kwenye kifaa kingine, rudi kwenye kifaa cha kwanza ukafute ulichokiacha.

Njia fupi kwake ilikuwa hatua ya 4 ya hapo juu: kata, bandika kwenye chati ya kujiandikia, tuma. Orodha ingekuwa kwenye simu na kwenye kompyuta, na ubao wa kunakilia ungebaki huru kwa namba ya dereva.

Kama kundi hilo lingekuwa Telegram, sehemu ya kompyuta ingekwenda vingine kabisa. Majina 20 yangemsubiri kwenye kisanduku cha kompyuta, na akishatuma kutoka huko, rasimu ingeondolewa kwenye simu pia. Ni raha, ila ina upande wake mbaya, nao tunaufikia hivi punde.

## Rasimu haionekani: itafute kwa utaratibu huu

Kwanza usiandike chochote kwenye chati hiyo. Nafasi ni moja, na maneno mapya yatakaa juu ya yale unayoyatafuta. Pili, usiondoe programu ili uisakinishe upya. Kuiondoa programu hufuta data yake kwenye simu, na rasimu ni sehemu ya data hiyo. Vivyo hivyo na kitufe cha Clear storage, au Clear data, kwenye mipangilio ya Android. Clear cache ni kitu kingine, hufuta vitu vya muda tu, lakini nayo haitakurudishia rasimu, kwa hiyo hakuna sababu ya kuigusa.

Alama haipo, lakini uliandika. Fungua chati yenyewe kabla ya kuamini orodha. Huenda umeichuja orodha yako, kwa mfano umechagua kuona chati ambazo hujasoma tu, na chati yenye rasimu haimo. Rudisha kichujio kwenye All.

Hata chati yenyewe haionekani. Angalia kwenye Archived. Kama ulifunga chati hiyo kwa Chat lock, imo kwenye Locked chats na haitajitokeza kwenye orodha kuu kwa sababu ya rasimu. Tumia kisanduku cha kutafuta kwa jina la mtu, lakini usitafute kwa maneno ya rasimu yenyewe. Utafutaji hupitia ujumbe, na rasimu si ujumbe.

Chati ipo, kisanduku ni kitupu. Jiulize maswali matatu. Uliandikia kwenye kifaa gani? Uliandikia kwenye akaunti gani? Na ulimwandikia kwenye chati ipi? La pili linawasumbua wenye laini mbili: WhatsApp na WhatsApp Business ni programu mbili tofauti, kila moja na rasimu zake, na wenye akaunti mbili ndani ya programu moja wanapaswa kubadili akaunti kabla ya kukata tamaa. La tatu linawasumbua wanaowasiliana na mtu mwenye namba mbili. Jina ni moja, picha ni ile ile, chati ni mbili. Rasimu iko kwenye ile nyingine.

Kisanduku chenyewe hakipo. Kwenye makundi, msimamizi anaweza kuweka kwamba wasimamizi pekee ndio watume ujumbe. Akiweka hivyo wakati una rasimu, unakosa mahali pa kuiona. Hali ni hiyo hiyo ukitolewa kwenye kundi. Kwa kundi lililofungwa, mwombe msimamizi alifungue kwa muda mfupi, kisha uangalie kisanduku na unakili maneno yako mara moja.

Uliandikia kwenye kivinjari cha kompyuta. Rasimu ya WhatsApp Web inategemea kivinjari kile kile. Ukiandikia kwenye dirisha la faragha, kulifunga ni kuondoka na kila kitu. Kuondoa kifaa kwenye Linked devices kunafanya hivyo pia, na WhatsApp yenyewe hukitoa kifaa kilichounganishwa kama simu kuu haikutumika kwa zaidi ya siku 14. Kwa kompyuta ya kazini au ya kuazima, usiache humo rasimu hata ya usiku mmoja.

Umefuta kwa bahati mbaya sasa hivi. Usiondoke kwenye chati. Kwenye kompyuta bonyeza Ctrl+Z, au Command+Z kwa Mac. Kwenye iPhone itikise simu na ukubali kutengua, au telezesha vidole vitatu kuelekea kushoto. Ukishatoka kwenye chati kikiwa kitupu, umeiambia programu kwamba huna rasimu, na mlango huo umefungwa.

Simu ilizima au programu ilijifunga yenyewe ukiandika. Fungua chati uone kilichobaki. Huenda ukakuta toleo la mara ya mwisho ulipotoka kwenye chati, pungufu ya yale uliyoyaongeza baadaye. Linakili papo hapo kwenye madokezo kabla ya kuendelea. Kama hakuna kitu, angalia historia ya ubao wa kunakilia, kwa kuwa watu hunakili maandishi yao bila hata kukumbuka. Baada ya hapo hakuna mahali pengine pa kutazama. Mwenzako hana nakala, maana hukutuma. Nakala rudufu ya chati usiihesabu: ni ya ujumbe, na kuirejesha kwa ajili ya rasimu kunaweza kukupotezea ujumbe halisi uliokuja baada ya nakala hiyo kutengenezwa.

Una wasiwasi kwamba ujumbe unaojifuta ndio uliokula rasimu. Hapana. Muda wa saa 24, siku 7 au siku 90 unahusu ujumbe uliotumwa. Kitu ambacho hakijatumwa hakijaanza kuhesabiwa.

Kwenye Telegram, rasimu imebadilika au imetoweka bila wewe kuigusa simu. Huu ndio ule upande mbaya wa kuhifadhi kwenye seva. Vifaa vyote vinashiriki rasimu moja ya chati hiyo, na kilichohifadhiwa mwisho ndicho kinachobaki. Ukifungua chati kwenye kompyuta, ukafuta maneno machache na kutoka, simu itafuata. Ukituma ujumbe mwingine kwenye chati hiyo ukitumia kompyuta, rasimu inaweza kuondolewa kila mahali. Angalia pia kama kuna kifaa cha zamani ambacho bado kimeingia kwa akaunti yako: fungua Settings, kisha Devices, na uondoe usivyovitambua. Kumbuka kwamba Secret Chat haiko kwenye utaratibu huu. Ni ya kifaa kimoja, na rasimu yake haitaonekana kwingine.

Telegram imejaa alama nyekundu na unataka kuziondoa zote. Kwenye Android ingia Settings, kisha Privacy and Security, na chini utakuta Delete All Cloud Drafts. Kwenye iPhone iko ndani ya Data Settings ya ukurasa huo huo. Inafuta rasimu za chati zote kwa pamoja, kwenye vifaa vyote, na hazirudi. Kwa hiyo pitia orodha kwanza, fungua kila chati yenye alama, nakili unachokihitaji kwenye Saved Messages na ukitume, ndipo ubonyeze.